Video Fupi na Matangazo ya Bidhaa: Mtengeneza Maudhui Anauza Nini, kwa Bei Gani na kwa Mkataba Upi?

Na Mwandishi Wetu

Ujumbe wa kwanza kutoka kampuni kwa kawaida huwa mfupi: "Tumependa kazi zako, unatoza kiasi gani kwa video?" Vijana wengi wanaotengeneza video fupi katika mitandao ya TikTok na Instagram hujibu kwa kutaja kiasi kimoja cha fedha na kazi huanza. Miezi michache baadaye, wengine hukuta sura zao katika matangazo ambayo hawakuyakubali wala kuyalipwa.

Chanzo cha migogoro ya aina hiyo ni bei moja kufunika vitu vitatu tofauti, yaani utengenezaji wa video, kuwafikia watazamaji, na haki ya kampuni kuendelea kuitumia video hiyo. Kila kimoja kina thamani yake na kinapaswa kuandikwa peke yake.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mpishi aliyepo Mbeya, mwenye wafuasi 48,000, aliyeombwa na kampuni ya unga kutengeneza video tatu. Viwango vinavyotajwa hapa ni vya kuonesha hesabu tu, si bei elekezi.

Kupanga bei

Idadi ya wafuasi haitoshi kuwa msingi wa bei, kwa kuwa si kila mfuasi huiona kila video. Kipimo cha kuaminika ni video kumi za kawaida za hivi karibuni. Mpishi anazipanga kuanzia iliyotazamwa kidogo hadi iliyotazamwa zaidi, kisha anachukua wastani wa ile ya tano na ya sita. Kwa njia hiyo, video moja iliyosambaa kwa bahati haipotoshi hesabu. Kwa mpishi wetu jibu ni 14,000.

Pande mbili zikikubaliana shilingi 10,000 kwa kila mara 1,000 za kutazamwa, kuwafikia watazamaji kunagharimu shilingi 140,000. Kisha anaongeza gharama za utengenezaji, ambazo ni viungo, nauli, mpigapicha na siku za kuhariri. Tuseme ni shilingi 110,000. Video moja inakuwa shilingi 250,000, na tatu ni shilingi 750,000.

Kiasi hicho kinalipia video kuwekwa katika ukurasa wa mpishi mwenyewe tu. Kampuni ikitaka kuitumia katika matangazo yake ya kulipia, inanunua haki nyingine. Katika TikTok, kwa mfano, matangazo ya aina ya Spark Ads huhitaji mwenye akaunti kutoa msimbo wa idhini, na huchagua mwenyewe muda wa idhini hiyo: siku 7, 30, 60 au 365. Anayetoa msimbo wa siku 365 bila kujadili bei ametoa mwaka mzima wa tangazo bure.

Mpishi anakubali video moja itumike hivyo kwa miezi mitatu, kwa asilimia 20 ya bei ya video kila mwezi. Hiyo ni shilingi 150,000. Kampuni inamtaka pia asitangaze unga wa mshindani kwa miezi miwili. Kwa kuwa sharti hilo linamfungia kazi nyingine, analitoza shilingi 100,000. Jumla inafika shilingi 1,000,000.

Kuandika kazi

Maneno "video tatu za unga" hayatoshi. Mkataba utaje urefu wa kila video, mtandao itakapowekwa, tarehe, ujumbe unaopaswa kusikika, na muda ambao haitafutwa, mathalani siku 90. Utaje pia idadi ya marekebisho. Utaratibu unaofaa ni kampuni kupewa rasimu, kutoa maoni ndani ya siku tatu za kazi, na kuruhusiwa marekebisho mara mbili. Marekebisho yanayozidi hapo, au yanayohitaji kurekodi upya kwa sababu kampuni imebadili mawazo, yanalipiwa. Bila kikomo hicho, video moja inaweza kurudiwa kwa wiki kadhaa na malipo kuendelea kusubiri.

Mtengeneza maudhui aahidi kile kilicho mikononi mwake, yaani kutengeneza, kuchapisha kwa wakati na kuwasilisha picha za skrini za takwimu baada ya siku 7 na siku 30. Asiahidi mauzo, wala idadi kamili ya watazamaji, kwa kuwa mtandao ndio unaoamua video isambae kiasi gani.

Muziki nao uangaliwe. Wimbo unaoruhusiwa katika video ya burudani si lazima uruhusiwe katika tangazo, na ndiyo maana TikTok ina maktaba tofauti ya muziki wa kibiashara. Vilevile, video iwekewe alama ya ushirikiano wa kulipwa ili mtazamaji ajue kuwa ni tangazo.

Mkataba wa ukurasa mmoja

Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Aliye chini ya miaka 18 hana uwezo huo, hivyo mzazi au mlezi wake ahusishwe tangu mwanzo. Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Kwa hiyo, ujumbe wa simu na barua pepe za majadiliano visifutwe.

Ukurasa mmoja unatosha ukiwa na majina kamili ya pande mbili, orodha ya kazi, bei ya kila kipengele, muda na mahali pa matumizi, tarehe za malipo, na hatua itakayofuata upande mmoja ukijiondoa. Kabla ya kusaini, mhusika ahakiki usajili wa kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Akikuta maneno "matumizi ya kudumu katika vyombo vyote", ajue anaombwa kuuza haki isiyo na mwisho. Aombe yabadilishwe kuwa muda na mtandao unaotajwa kwa jina.

Kuhusu malipo, mpishi wetu anadai nusu kabla ya kurekodi na nusu ndani ya siku 14 baada ya video ya mwisho kuchapishwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kampuni inayomlipa hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kila awamu ya shilingi 500,000 itamfikia ikiwa shilingi 475,000. Adai hati ya kodi iliyokatwa na kuitunza, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha kuwa shilingi 50,000 zake zimelipwa serikalini kwa jina lake.

Malipo yakichelewa, hatua ya kwanza ni barua ya madai inayotaja kifungu cha mkataba na tarehe iliyopita. Isipojibiwa, deni linalotokana na mkataba linaweza kufunguliwa shauri katika Mahakama ya Mwanzo, na hapo ukurasa ule mmoja, picha za skrini na ujumbe uliotunzwa ndivyo vitakavyomsemea.

Mpishi angejibu ujumbe wa kwanza kwa kuandika "250,000 kwa video", angepata shilingi 750,000, na video yake ingeweza kutumika katika matangazo ya kampuni bila muda uliokubaliwa. Swali la kuuliza kabla ya kutaja bei ni moja: video hii itatumika wapi, na kwa muda gani?