Tisa iliyo mbali, tisa iliyo karibu: kupanga bosanova ya taratibu

Ukisikiliza albamu ya João Gilberto ya 1973, karibu kote utakuta vitu vichache tu: sauti yake, gitaa lake la nyuzi za nailoni, na mpiga midundo mmoja, Sonny Carr. Hata hivyo kodi zake zimejaa saba na tisa, noti ambazo kwenye karatasi zinaonekana kama zitagombana. Mbona basi unasikia utulivu wa jioni? (Kodi hapa ni noti kadhaa zinazolia pamoja, siyo ile ya mwenye nyumba.)

Tuanze na tisa. Ukihesabu kutoka D, noti ya tisa ni E, yaani jirani wa D aliyepandishwa oktava moja. Tuseme D yako inatetema mara 147 kwa sekunde. E ya jirani kabisa hutetema mara 165. Mitetemo hiyo inapokaribiana hivyo huko chini, sikio haliwezi kuitenganisha vizuri, na unasikia mkwaruzo. Sasa ipandishe E hadi 330. Noti ni ileile, lakini kila moja imepata nafasi yake, na kinachobaki ni rangi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kupanga ni hii: besi ikae chini peke yake, tisa ikae juu.

Hebu tuone mfano wa kodi tatu. Namba ni freti, kuanzia uzi mnene wa 6 hadi mwembamba wa 1, na x ni uzi usiopigwa:

```
Dm9    x5355x   D  F C E
G7     3x343x   G  F B D
Cmaj9  x3243x   C  E B D
```

Herufi ya kwanza ni besi, inapigwa kwa dole gumba. Tazama zile tatu zinazofuata. Kutoka Dm9 kwenda G7, F haiondoki, C inashuka hatua nusu hadi B, na E inashuka hatua moja hadi D. Kutoka G7 kwenda Cmaj9, F peke yake ndiyo inayoshuka, nusu hatua, na wenzake wanabaki palepale. Besi inaruka, lakini juu yake karibu hakuna kinachosogea, na hapo ndipo ulipo utulivu. Noti ya tano haimo katika Dm9 wala Cmaj9: ni noti isiyobadili sana tabia ya kodi, na ukiiweka inaijaza sehemu ileile tuliyotaka iwe wazi.

Nailoni nayo ina kazi yake. Kila uzi hutoa pia sauti ndogo za juu, na hizo ndizo zinazogongana zaidi kodi zinapokuwa tata. Nailoni huzifisha haraka kuliko chuma. Piga kwa nyama ya kidole, karibu na shingo ya gitaa, nazo zitapungua zaidi.

Sasa mwendo. Weka mapigo 60 kwa dakika, na ligawe kila pigo mara nne. Mapigo manne yanakupa hatua 16, zinazochukua sekunde 4. Dole gumba lipige hatua ya 1, 5, 9 na 13, kama ngoma kubwa ya samba. Vidole vipige kodi hatua ya 1, 4, 7, 11 na 14. Dm9 ichukue mzunguko mmoja, G7 mmoja, Cmaj9 miwili. Wimbo umeshasimama kwa sekunde 16.

Brashi haziji kuongeza mdundo mwingine. Mkono mmoja uzungushe brashi juu ya snea bila kuinuliwa, upate mvumo laini unaojaza hatua zote 16. Mvumo huo uko juu sana kuliko besi, kwa hiyo haugusi nafasi tuliyoiacha wazi. Mkono wa pili ubaki na miguso miwili mitatu tu. Ukipiga hatua zilezile tano za gitaa kwa nguvu, wimbo unaanza kuandamana kama gwaride.

Kama kuna besi kubwa ya kusimama, dole gumba lipunguze sauti, au lipige hatua ya 1 na 9 pekee. Vyombo viwili vikifuata besi moja bila kulingana kabisa, kishindo kinakuwa kizito.

Utajuaje kama mpangilio umekaa sawa? Rekodi kwa simu, kisha sikiliza kwa sauti ndogo. Ukisikia uvimbe chini na huwezi kuitaja noti ya besi, kuna noti iliyoshuka mno: ipandishe oktava au itoe. Ukisikia kila badiliko la kodi kama mshtuko, angalia vidole vyako. Huenda umeruka shingo nzima wakati noti uliyoitaka ilikuwa freti moja tu kutoka hapo.