Kulipia Kiwanja cha Kigamboni Ukiwa Leeds

Fedha inaweza kutoka Uingereza asubuhi, ikapita benki mbili tatu, ikaingia benki sahihi Dar es Salaam, na bado deni la kodi likabaki palepale. Huwashangaza wengi, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba fedha ikishafika kwa mwenyewe, deni limekwisha. Kwa malipo ya Serikali ya Tanzania mambo hayaendi hivyo. Deni linafutika pale tu fedha inapofika ikiwa na namba yake, na ikiwa na kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye ankara.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa Kitanzania anayefanya kazi Leeds. Ana kiwanja chenye hati Kigamboni, na kwa miaka kadhaa hajalipa kodi ya pango la ardhi, ile kodi ya kila mwaka ambayo mwenye hati hudaiwa kwa kumiliki ardhi. Tuseme malimbikizo yamefika shilingi 2,346,800. Anaomba ankara, anapewa control namba: tarakimu 12 zinazoanza na 99. Namba hiyo imetengenezwa na mfumo wa Serikali wa kukusanya malipo, GePG, na nyuma yake yamehifadhiwa mambo manne: jina la anayedaiwa, sababu ya deni, kiasi, na siku ankara itakapokwisha muda. Benki inayopokea fedha haina njia nyingine ya kujua kwamba shilingi hizo ni za kiwanja kile cha Kigamboni. Inaiuliza GePG kuhusu namba ile. Ikijibiwa kwamba ipo na kiasi kinalingana, malipo yanapita. Akaunti yenyewe ya Serikali hupokea fedha za maelfu ya watu, kwa hiyo kuipata akaunti sahihi ni nusu tu ya kazi.

Anayetaka kulipa kwa kuhamisha fedha toka benki hadi benki huchapa fomu maalumu inayoambatana na ankara. Fomu hiyo inaonyesha jina la benki inayopokea, namba ya SWIFT ya benki hiyo, akaunti, kiasi, na chini kabisa kuna maelekezo kwa benki ya mlipaji. Maelekezo hayo yanataja vyumba viwili vya ujumbe ambao benki hutumiana: chumba namba 59 kijazwe akaunti ya mpokeaji, na chumba namba 70 kijazwe control namba kwa umbo hili:

```
/ROC/991234567890
```

Namba hiyo ni ya mfano tu. Kilicho muhimu ni umbo lake. Mikwaju miwili na herufi ROC ni sehemu ya maandishi, na fomu inakataza kubadili au kuongeza neno, alama au tarakimu yoyote. Mifumo ya benki inasoma maandishi haya bila mtu kuyaangalia. Muuguzi wetu akiandika "kodi ya kiwanja Kigamboni" halafu namba, ameeleza vizuri kwa binadamu, lakini kompyuta inaweza isiione namba. Akiacha nafasi katikati ya tarakimu ili zisomeke kwa urahisi, ameiharibu.

Matatizo huanza kwenye skrini ya benki ya Leeds. Ile skrini haina chumba kinachoitwa 70. Ina sehemu ya rejea, na pengine sehemu ya pili ya ujumbe kwa mpokeaji, na si rahisi kujua ni ipi itakayobebwa hadi Dar es Salaam. Tangu Novemba 2025 benki za dunia zimeacha ujumbe wa zamani wa MT103 katika malipo ya nchi hadi nchi na kutumia ule wa pacs.008, kwa hiyo hata mfanyakazi wa benki anaweza asitambue maneno "chumba namba 70" yaliyo kwenye fomu. Aulizwe hivi: maelezo ya malipo yatakayomfikia mpokeaji yanaandikwa wapi, yanachukua herufi ngapi, na mkwaju unakubaliwa? Rejea yetu ina herufi na alama 17. Sehemu inayokata maandishi kwenye herufi ya 16 itaondoa tarakimu ya mwisho ya control namba, na namba yenye tarakimu 11 si namba ya mtu yeyote.

Tuseme rejea imekwenda salama. Kinabaki kiasi, na hapa ndipo wengi hukwama.

Benki nyingi za Ulaya hazitumi shilingi za Tanzania moja kwa moja. Hutuma dola au paundi, na ubadilishaji hufanyika njiani au mwisho wa safari. Muuguzi anapiga hesabu: tuseme dola moja ni shilingi 2,500, basi shilingi 2,346,800 ni dola 938 na senti 72. Anatuma dola 939. Benki ya kati inayopitisha dola inachukua ada yake, tuseme dola 25, zinabaki 914. Benki ya Dar es Salaam inanunua dola hizo kwa bei yake ya siku hiyo, tuseme shilingi 2,490. Kinachoingia ni shilingi 2,275,860. Pungufu ni shilingi 70,940, na hakuna aliyeiba.

Ankara za Serikali hazifanani. Zipo zinazoruhusu kulipa kidogo kidogo, na hapo pungufu hubaki kama deni. Zipo zinazotaka kiasi kamili bila kupungua wala kuzidi, na hizo zikiletewa 2,275,860 zinakataa. Fedha hukaa kwenye akaunti ya benki ya kungojea ufafanuzi, au hurudishwa Leeds ikikatwa ada tena njiani. Hivyo shauri la "tuma na cha ziada kidogo" linaweza kuleta shida ile ile upande wa pili.

Kwenye fomu ya kutuma fedha kuna uchaguzi wa nani alipe ada. SHA maana yake mnagawana, BEN maana yake zinakatwa kwa mpokeaji, OUR maana yake mtumaji anabeba zote. Kwa kodi chagua OUR, hilo halina mjadala. Ila OUR inazuia makato tu, haizuii bei ya kubadilisha fedha. Kiasi kamili kinahakikishwa pale tu benki yako inapokubali kutuma kwa shilingi na kwa OUR kwa pamoja. Iulize mapema. Kama inaweza, njia ya moja kwa moja ni nzuri.

Kama haiwezi, maoni yangu ni kwamba muuguzi aigawe safari mara mbili. Atume fedha kwenye akaunti yake mwenyewe ya shilingi iliyoko Tanzania, akiongeza kiasi cha kutosha kufunika makato na tofauti ya bei. Makato yaume huko, hayadhuru. Fedha ikishaingia, afungue programu ya benki hiyo kwenye simu, achague malipo ya Serikali, aandike control namba, alipe shilingi 2,346,800 bila kupungua hata moja. Kinachobaki ni chake. Asiye na akaunti nyumbani anaweza kumtumia ndugu anayemwamini, naye akalipa kwa simu au kwa wakala wa benki. Anayelipa si lazima awe yule anayedaiwa, kwa sababu deni linatambuliwa kwa namba.

Njia hii ina faida nyingine ambayo mimi naithamini kuliko kukwepa makato. Ukiandika control namba kwenye benki ya Tanzania, kabla hujathibitisha, skrini inakuonyesha jina la mwenye ankara, malipo ni ya nini na kiasi gani. Hapo unasimama na kusoma. Malipo yanayotumwa kwa SWIFT toka Leeds hayakupi nafasi hiyo. Unajaza tarakimu, unabonyeza, unasubiri siku kadhaa ujue zilikwenda wapi.

Na kusoma jina kuna maana kubwa kwa walio mbali. Wengi hushughulikiwa na mtu wa kati, jamaa au dalali, anayewatumia namba kwa WhatsApp. Akikutumia akaunti yenye jina la mtu binafsi, ni rahisi kushtuka. Lakini anaweza kukutumia control namba halali kabisa, inayoanza na 99, ya ankara ya kiwanja chake mwenyewe. Serikali itapokea fedha yako, itatoa stakabadhi, na deni litakalofutika ni lake. Jina kwenye skrini ndilo linalomfichua. Ndugu anayekulipia naye akutumie picha ya skrini hiyo kabla ya kuthibitisha.

Muda nao uangaliwe. Ankara ina siku yake ya mwisho, na fedha ya nchi hadi nchi huweza kuchukua siku kadhaa za kazi. Ikifika baada ya ankara kuisha, control namba imekufa na fedha haina pa kukaa. Kwa Watanzania walioko Muscat ugumu unaongezeka: Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, Tanzania Jumamosi na Jumapili, hivyo siku ambazo benki za pande zote mbili ziko kazini ni Jumatatu hadi Alhamisi. Fedha iliyotumwa Alhamisi jioni inaweza isiguswe na mtu hadi Jumatatu. Omba ankara ukiwa tayari kulipa, na usitumie tena namba ya mwaka jana hata kama kiasi kinafanana.

Ikitokea fedha imeondoka Leeds na deni bado linaonekana, usitume mara ya pili. Iombe benki yako nakala kamili ya ujumbe uliotumwa, pamoja na namba ya ufuatiliaji iitwayo UETR, ambayo humwezesha kila benki iliyoshika fedha hiyo kuiona. Ndani ya nakala utaona akaunti iliyoandikwa, rejea kama ilivyokwenda, nani alibeba ada, na kiasi kilichotumwa. Ukikuta tarakimu imekatwa, umejua kosa ni la rejea. Ukikuta rejea ni nzima, linganisha kiasi kilichotumwa na kilichoingia. Kisha peleka nakala hiyo kwa benki iliyopokea Tanzania, kwa sababu fedha isiyolingana na ankara huwa bado iko mikononi mwake. Ofisi ya ardhi haiwezi kukusaidia sana kwa fedha ambayo haijaiona.

Karatasi ya benki ya Leeds inayosema malipo yamekamilika inathibitisha kwamba fedha ilitoka kwako. Kinachothibitisha kwamba deni limefutwa ni stakabadhi ya Serikali yenye control namba ile ile. Kwa kuwa taarifa ya malipo hutumwa kwenye simu iliyoandikwa kwenye ankara, hakikisha tangu mwanzo kwamba imeandikwa namba unayoweza kuisoma ukiwa huko uliko. Stakabadhi hiyo iwekwe pamoja na nakala ya hati, maana siku utakapotaka kuuza kiwanja au kumhamishia mtoto umiliki, utatakiwa kuonyesha kwamba kodi ya pango imelipwa.