Mtoto Ananenepa, Mama Anakwisha

Kliniki ya mama na mtoto ina mzani, na kwa kawaida anayepimwa ni mtoto. Uzito wake unaandikwa kwenye kadi, mstari ukipanda kila mtu anafurahi, na mama anaambiwa arudi mwezi ujao. Mama mwenyewe ana kilo ngapi? Swali hilo huulizwa mara chache, na ndiyo maana wanawake wengi hudhoofika huku wakisifiwa kwa kulea vizuri.

Mwili wa mama anayenyonyesha hutanguliza maziwa. Hata mwanamke mwembamba anaweza kutoa takriban mililita 800 kwa siku, sawa na mwenzake aliyeshiba. Chakula kisipotosha, maziwa hayo hutengenezwa kutokana na akiba ya mafuta na nyama ya mwili wake. Kwa hiyo afya ya mtoto si kipimo cha afya ya mama.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Morogoro mwenye umri wa miaka 24. Mtoto wake wa tatu ana miezi miwili, ananyonya maziwa ya mama tu, na kadi yake haina dosari. Mama ndiye anayelalamika: akiinuka anapata kizunguzungu, akipanda mlima na ndoo moyo unamwenda mbio. Nyumbani wameshaamua kwamba maziwa yake ni mepesi na mtoto aanzishiwe uji. Wamekosea. Mtoto anayeongezeka uzito na kukojoa mara nyingi anashiba, na uji katika umri huo ungemletea kuhara bila kumsaidia mama yake hata kidogo.

Afisa lishe anaanza na mzani. Mama ana kilo 43 na urefu wa sentimita 158. Uzito ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, jibu ni 17.2, wakati mtu mzima mwenye chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa mwembamba kupita kiasi. Kisha anamzungushia utepe katikati ya mkono wa juu na kupata sentimita 21.5. Programu nyingi za lishe humpa msaada mama mwenye chini ya 23, ingawa nyingine hutumia kiwango cha chini zaidi. Anabonyeza pia miguu, kwa sababu uvimbe unaweza kuongeza kilo za uongo.

Lakini swali lenye uzito kuliko vipimo hivyo ni hili: kabla ya mimba hii ulikuwa na kilo ngapi? Anajibu 49. Basi huu si wembamba wa kuzaliwa nao. Mtu aliyepoteza kilo sita anaulizwa kuhusu kikohozi, homa za usiku na kuhara, na anapimwa VVU na kifua kikuu, kwa kuwa maradhi hayo huweza kukonda mtu hata anapokula vizuri.

Damu yake inasoma gramu 9.4 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu, kati ya 8 na 10.9 ni upungufu wa wastani, na chini ya 8 ni hatari inayohitaji hospitali. Si peke yake: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Anaulizwa alivuja damu kiasi gani alipojifungua, watoto wake wamepishana muda gani, kama anakula udongo, na kama kwao kuna selimundu. Anapimwa malaria, na choo chake kinachunguzwa kama kina minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu taratibu kwa miezi.

Hapo ndipo matatizo mawili yanapotenganishwa. Wembamba wake unatokana na nishati kidogo, na damu yake imepungua zaidi kwa kukosa madini ya chuma. Kidonge hakiongezi kilo, na sahani ya ugali haijazi pengo kubwa la chuma.

Kuhusu nishati, anaombwa asimulie kila alichokula tangu jana alipoamka: chai ya rangi na maandazi mawili, mchana ugali na mchicha, jioni ugali na maharage kidogo. Hiyo ni kama kilokalori 1,600. Mwanamke wa uzito wake anayelima anahitaji karibu 1,950 kabla ya kunyonyesha. Mama mwenye akiba ya mafuta huongezewa takriban 500 kwa siku, lakini huyu hana akiba ya kuchota, kwa hiyo anahitaji gharama yote ya maziwa, yaani 675 hivi. Pengo lake linafika 1,000.

Pengo hilo halizibwi kwa kumwambia ale vizuri. Linazibwa kwa kikombe kikubwa cha uji wenye karanga zilizosagwa asubuhi, kilokalori 300 hivi. Kijiko kikubwa cha mafuta kwenye mboga, 120. Nusu parachichi, 160. Ndizi mbivu, 100. Na sahani ya makande saa kumi, 350. Karanga zenye ukungu zitupwe, kwani sumukuvu yake hupita kwenye maziwa. Lipo pia suala la nani anapewa nini mezani. Ini na dagaa vina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi, na katika nyumba nyingi ini huishia kwenye sahani ya baba.

Juisi nyekundu za biti na rozela, zinazosifiwa kuongeza damu, zina chuma kidogo. Rangi si dawa.

Dawa ni kidonge cha chuma chenye asidi ya foliki, ambacho ni salama kwa anayenyonyesha. Kidonge cha kawaida kina miligramu 60 za chuma, na mtoa huduma ndiye anayeamua ale kimoja au viwili kwa siku. Tafiti za karibuni zinaonyesha kwamba kugawa dozi asubuhi na jioni hakuna faida, kwa sababu baada ya dozi moja mwili hupunguza ufyonzaji kwa takriban siku nzima. Kimezwe mara moja, na chungwa au maji, mbali na chai, kahawa na maziwa kwa saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi. Hilo ni la kawaida. Kikichafua tumbo, ale pamoja na chakula badala ya kuacha.

Usalama una mipaka yake. Mwenye selimundu asianze chuma bila ushauri wa daktari. Anayemeza kidonge cha kliniki, sirapu ya dukani na vitamini za kutumiwa na ndugu asome lebo, maana huenda anarudia chuma kilekile. Vitamini A ya dozi kubwa haipendekezwi tena baada ya kujifungua, na akishika mimba inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Baada ya wiki nne anapimwa tena. Damu ya mama huyu imefika 10.6 na uzito kilo 44, kwa hiyo matibabu yanafanya kazi. Ingekuwa haijaongezeka hata gramu moja, angeulizwa kwanza kama alimeza kweli, kisha angechunguzwa damu inapotelea wapi. Atakapofika 12 ataendelea na vidonge miezi mitatu ili akiba ijae.

Mama akihema akiwa amekaa, akivuja damu nyingi au akizimia, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na kila kopo la vidonge vya chuma lifungiwe mbali na watoto, kwa sababu vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.