Omega 3 ya Kitani si Omega 3 ya Samaki

Nchini Ethiopia mbegu za kitani hukaangwa kidogo, zikasagwa, kisha unga wake ukakorogwa na maji kuwa kinywaji kiitwacho telba. Kusaga huko kuna maana. Ganda la kitani ni gumu, na mbegu ikimezwa nzima mara nyingi hutoka mwilini kama ilivyoingia, mafuta yake yakiwa bado ndani.

Mafuta hayo yana omega 3 nyingi. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa kitani kina takriban gramu 1.6, kiwango kinachopendekezwa kwa mwanamume kwa siku. Kwa mwanamke ni gramu 1.1. Gramu 28 za jozi, sawa na konzi moja, zina gramu 2.5 hivi. Mboga za majani kama spinachi zinayo pia, ila kidogo sana, kwa kuwa zenyewe hazina mafuta mengi.

Mtu akisoma hesabu hiyo anaweza kudhani kijiko cha kitani kinatosha kushika nafasi ya samaki. Sivyo. Omega 3 ya mimea ni ya aina iitwayo ALA, ilhali samaki wana EPA na DHA. DHA ndiyo inayojenga sehemu kubwa ya mafuta ya ubongo na ya retina ya jicho. Mwili hujaribu kuigeuza ALA kuwa aina hizo mbili, lakini hupata kidogo.

Chukua kijiko kile cha gramu 1.6, yaani miligramu 1,600. Ikiwa asilimia 5 itageuka EPA, mlaji amepata miligramu 80. DHA kwa kawaida haifiki hata asilimia 1, kwa hiyo haizidi miligramu 16. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula inashauri mtu mzima apate miligramu 250 za EPA na DHA kwa pamoja kila siku. Kipande cha gramu 100 cha samaki aina ya salmoni hutoa zaidi ya miligramu 1,000.

Wanawake wa umri wa kuzaa hugeuza zaidi kuliko wanaume. Tena vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo ndivyo vinavyoshughulikia omega 6, iliyojaa katika mafuta ya alizeti na ya mahindi, kwa hiyo omega 6 ikizidi, ALA hukosa nafasi.

Unga wa kitani huharibika upesi ukipata hewa, joto na mwanga. Ukianza kunuka kama rangi ya mafuta au kuwa mchungu, utupwe. Ni bora kusaga kidogo kidogo na kuuhifadhi kwenye friji, ndani ya chombo kilichofungwa vizuri.

Samaki nao hawatengenezi kiasi kikubwa cha EPA na DHA. Huzipata kutoka kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoliwa na viumbe ambao samaki huwala. Mwani huo sasa hukuzwa kwenye matangi na kukamuliwa mafuta. Asiyekula samaki kabisa, hasa mjamzito, anaweza kupata DHA humo moja kwa moja, baada ya kushauriana na mhudumu wa afya kuhusu kipimo.