Kompyuta Ilisema Ukuta Utahimili

Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjord jirani na mji wa Stavanger, Norwe, msingi wa zege wa jukwaa la gesi liitwalo Sleipner A ulikuwa ukijazwa maji ili ushuke taratibu. Lilikuwa jaribio la kawaida kabla ya kupachika sitaha ya juu. Kwenye kina cha kama mita 65, ukuta mmoja wa ndani ulipasuka. Maji yaliingia kwa kasi iliyozishinda pampu, na msingi mzima ukazama na kusambaratika kwenye sakafu ya ghuba. Vipima tetemeko viliusajili mshindo wake kama tetemeko la kipimo cha 3 hivi. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 700.

Wachunguzi walikuta makosa mawili yaliyoshikana mikono. Nondo za kwenye maungio ya kuta zilikuwa fupi na hazikufungwa vizuri. Nyuma ya hilo kulikuwa na hesabu ya kompyuta iliyoipunguza kwa asilimia 47 nguvu ya mkato, yaani ile inayotaka kuukata ukuta pale unapoungana na wenzake. Programu yenyewe, NASTRAN, haikuwa mbovu. Kilichoharibu ni wavu alioupewa.

Programu za namna hii hukigawa kitu katika vipande vidogo vilivyoungana kwenye pembe zao, na mpangilio wa vipande hivyo ndio wavu. Ndani ya kila kipande, programu inaruhusu mwendo rahisi tu. Katika kipande cha pembe nne cha aina ya kawaida kabisa, ukingo ulionyooka hubaki umenyooka hata chuma halisi kingekuwa kimejikunja pale. Kipande kilichonyimwa mkunjo hugoma kupinda, na kitu chote kikaonekana kigumu kuliko kilivyo. Picha ya rangi kwenye skrini haionyeshi mgomo huo, inapendeza vilevile.

Tuuone kwa tarakimu. Chukua chuma cha mraba cha milimita 50 kwa 50, chenye urefu wa mita 1, kilichoshikwa ukutani upande mmoja na kutundikwa nyutoni 1,000 kwenye ncha, kama uzito wa kilo 100. Kanuni ya boriti iliyomo katika kila kitabu cha uhandisi inatoa mshuko wa ncha:

```
d = P·L³ / (3·E·I)
I = b·h³ / 12
```

Ukiweka `E` ya chuma, nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba, unapata milimita 3.2. Ni kazi ya dakika mbili kwa kikokotoo.

Sasa mpe kompyuta chuma hichohicho, kwa vipande 20 vya mraba vilivyopangwa safu moja. Itakuambia ncha inashuka kama milimita 2.2, theluthi nzima pungufu. Gawa kila upande wa kipande mara mbili, ziwe safu mbili, na utapata kama 2.9. Kwa safu nne unapata 3.1, na kwa safu nane 3.18. Hatua ya kwanza iliongeza sehemu saba za kumi za milimita, ya mwisho haikufikisha hata sehemu moja ya kumi. Huko ndiko kutulia kwa wavu: unaendelea kugawa hadi jibu likome kusogea kwa kiasi kinachokuhusu. Zaidi ya hapo, kwa vipande vya aina hii, kila unapopunguza ukubwa kwa nusu kosa hushuka hadi robo hivi. Kosa lisiposhuka kwa mwendo wa namna hiyo, kuna kitu kingine kinachoendelea.

Wengi hukimbia hatua moja tu: wanajaribu wavu mmoja, kisha wa pili uliofanana nao sana, wanaona majibu yamekaribiana, wanafunga faili. Nyavu mbili mbovu zinaweza kukubaliana. Unahitaji tatu angalau, zenye tofauti ya kweli, na uangalie kile hasa unachotaka kukijua. Mshuko wa ncha hutulia mapema; mkazo kwenye kona huchelewa.

Na kuna kona ambazo hazitatulia kamwe. Ukichora mkono wa chuma wenye umbo la herufi L, na kona yake ya ndani ukaiacha kali kabisa, mkazo pale hauna kikomo kihesabu. Kila ukikata vipande kwa nusu, namba itapanda kwa zaidi ya theluthi: ukianza na megapaskali 100, itafuata 137, kisha 188, kisha 257. Hapo kuendelea kugawa ni kupoteza muda. Fundi hawezi kutengeneza kona kali kiasi hicho hata angetaka, kwa hiyo chora mviringo mdogo uliopo kweli, na mkazo utapata mahali pa kutulia.

Turudi kwenye ule ukuta wa Norwe. Uliopasuka ulizunguka chumba chembamba cha pembetatu kilichoachwa katikati ya minara ya mviringo, ambacho kilikuwa wazi kwa bahari, kwa hiyo maji yake yaliusukuma ukuta kutoka ndani. Kwa mita 65, maji ya bahari husukuma kwa tani 67 hivi kila mita ya mraba. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, sehemu ya ukuta kati ya maungio mawili ina mita 4. Katika kila mita ya kimo, maji yanasukuma kwa tani 268, na kwa kuwa pande mbili zinalingana, kila ungio lazima libebe nusu, tani 134. Hapa hakuna wavu wala aina ya kipande. Ni msukumo na ukinzani tu. Kompyuta inayokosea kwa asilimia 47 ingekuletea kama tani 71, na mtu mwenye penseli angeuliza mara moja: nyingine zimeenda wapi?

Hesabu makini zilizofanywa baadaye zilitabiri ukuta ungepasuka kwenye mita 62. Jukwaa la pili lilisanifiwa kwa njia za kabla ya kompyuta, za enzi za rula ya kuteleza, na mwaka 1993 gesi ikaanza kutoka.

Hesabu ya mkono inaona pia kitu ambacho wavu uliotulia hauwezi kukiona: swali lililoandikwa vibaya. Ukiandika 1 badala ya 1,000 kwa sababu ulidhani programu inasoma kilonyutoni, jibu litatulia vizuri sana kwenye namba ya uongo. Kwa hiyo kabla ya kutazama rangi yoyote, jumlisha nguvu zinazorudishwa na viegemeo. Umetundika nyutoni 1,000, na ukuta lazima urudishe 1,000.

Lakini penseli na kompyuta zinaweza kukosea pamoja. Zote mbili zilikubali kwamba chuma chetu kimeshikwa ukutani bila kujizungusha hata kidogo. Kikiwa kimefungwa kwa boliti, na bati la nyuma likageuka sehemu moja tu ya kumi ya digrii, ncha itashuka milimita 1.7 zaidi: jumla 4.9 badala ya 3.2. Kuijua hiyo inabidi utundike mzigo na kuweka kipimo cha saa chini ya ncha.