Barua kwa Mfanyakazi Aliyekosa Cheo

Mwombaji wa nje akikosa kazi, uhusiano wake na kampuni huishia hapo. Wa ndani kesho yake asubuhi yuko kwenye meza yake ileile, na pengine ndiye atakayemwonyesha mshindi faili zilipo. Kwa hiyo hastahili kupewa ile barua ya "tunasikitika kukujulisha" iliyobadilishwa jina tu.

Tuchukue mfano wa karani wa hesabu katika kiwanda cha mafuta ya alizeti mkoani Singida, aliyeomba nafasi ya mhasibu mkuu. Kwenye usaili alijibu vizuri maswali ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na ya kufuatilia wadaiwa. Alikwama mahali pawili: hajawahi kufunga hesabu za mwaka, na tangazo lilitaka mwenye CPA, ilhali yeye bado hajamaliza mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu.

Kwanza aitwe na meneja wake, aambiwe ana kwa ana kabla jina la mshindi halijabandikwa ubaoni. Akishalisikia koridoni, hata barua nzuri haitamtuliza. Kisha aandikiwe hivi:

"Ndugu, asante kwa kuomba nafasi ya mhasibu mkuu. Safari hii hukuchaguliwa. Jopo liliridhika na kazi yako ya hesabu za benki na wadaiwa. Ulichopungukiwa ni uzoefu wa kufunga hesabu za mwaka, na CPA iliyotajwa kwenye tangazo. Hesabu za mwaka huu zikifungwa, utafanya kazi na mhasibu mkuu, na jedwali la mali za kudumu na uchakavu wake utaliandaa wewe. Nafasi kama hii ikitangazwa tena, tunakukaribisha kuomba."

Jibu limekuja mapema, halikufichwa chini ya sifa. Sababu zimetoka kwenye tangazo, hazikumgusa tabia yake wala kumpima na mwenzake. Angeambiwa "hujakomaa kiuongozi", asingejua aanzie wapi.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni huruma ya kumwambia "ijayo ni yako". Hakuna anayejua nani ataomba wakati huo, na ahadi hiyo ikivunjika, mtu huyo hataamini tena neno la ofisi.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na katazo hilo linagusa hata upandishaji vyeo. Malalamiko yakifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, barua itasomwa pamoja na karatasi za alama za jopo, na sababu zikipishana, mwajiri atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Mwajiri, kama huna nafasi ya kumfundisha mfanyakazi wako, usiiandike. Mpe sababu za kweli, umwachie aamue mwenyewe.