Ugonjwa wa Parkinson: kwa nini saa ya kumeza kidonge ni muhimu

Karibu kila kijiji kina mzee anayetetemeka mkono, anayetembea kwa hatua fupi fupi kama anayepita kwenye matope. Wengine husema ni uzee tu. Wengine husema amerogwa. Huko wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071, na kufikia mwaka 2006 walikuwa wamepata wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Hatuoni kwa nini hali iwe tofauti sana kwetu hapa kando ya mto Tana.

Kutetemeka peke yake si Parkinson. Mtu ambaye mkono hutetemeka anapoinua kikombe cha chai, lakini ukitulia mapajani hautetemeki, mara nyingi ana tatizo jingine. Mkono wa Parkinson hutetemeka zaidi ukiwa umepumzika, na akishika jembe hupungua. Tena huanza upande mmoja. Ila dalili kubwa ni uzito wa mwili: mkono mmoja haurushwi wakati wa kutembea, vifungo vya shati vinamshinda, uso haucheki hata akifurahi, mpaka jirani anadhani amekasirika. Mwambie agonganishe kidole cha shahada na gumba haraka haraka mara ishirini. Utaona mwendo unazidi kuwa mdogo na mzito. Hiyo si hukumu, ni sababu ya kumpeleka kwa daktari. Na mwende na dawa zote anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za akili na hata za kuzuia kutapika zaweza kuleta hali kama hiyo hiyo.

Basi nini kimeharibika? Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho huwezesha mwili uende bila kusitasita. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa polepole, kwa miaka. Mtu angeuliza, si apewe dopamini yenyewe? Haiwezekani, kwa sababu ubongo una ukuta wake na dopamini haiwezi kuupita. Lakini levodopa hupita, na ikishaingia ndani hugeuzwa kuwa dopamini. Kidonge huwa na dawa ya pili, kabidopa, inayozuia levodopa isigeuzwe ingali njiani mwilini. Bila hiyo nyingi ingepotea, na mgonjwa angetapika sana.

Levodopa haiponyi, na chembe zilizokufa hazifufuki. Inachofanya ni kujaza pengo. Huondoa uzito na ukakamavu vizuri kuliko inavyoondoa kutetemeka, kwa hiyo msishangae mzee akianza kutembea vizuri na mkono bado unacheza.

Sasa tuje kwenye saa. Levodopa haikai mwilini. Katika damu hupungua kwa nusu kila saa moja na nusu hivi. Fikirini shamba lenye pampu ya maji na tangi. Miaka ya kwanza ya ugonjwa, chembe zilizobaki ni kama tangi: huhifadhi dawa na kuitoa kidogo kidogo, kwa hiyo hata mtu akichelewesha kidonge hasikii tofauti kubwa. Miaka ikienda tangi linatoboka, inabaki pampu tupu. Pampu ikiwaka maji yanakuja, ikizima mfereji unakauka. Hapo ndipo mgonjwa hutembea asubuhi, na adhuhuri anashindwa kuinuka kitini.

Tuchukue mfano wa mzee mmoja mkulima, wa miaka 67, aliyeandikiwa kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Yeye, kama wengi wetu, alifahamu maana yake ni pamoja na chakula. Cha kwanza alimeza saa 2 asubuhi na chai ya maziwa, cha pili saa 8 mchana na wali kwa samaki, cha tatu saa 2 usiku. Miaka mitatu ilikwenda vizuri. Mwaka wa nne asubuhi hakuweza kutoka kitandani bila kushikwa, na kile kidonge cha mchana wakati mwingine hakikufanya kazi kabisa. Nyumbani wakasema dawa imemzoea, aongezewe.

Binti yake akachukua daftari la shule. Kwa siku tatu aliandika saa ya kidonge, saa na aina ya chakula, saa baba alipolegea na saa alipokaza tena. Daftari lilisema yote. Kidonge kilichomezwa tumbo likiwa tupu kiliamka baada ya nusu saa hadi saa moja. Kilichofuata samaki kilichukua saa mbili, au hakikuamka. Sababu ni kwamba samaki, nyama, mayai, maziwa na kunde vikisagwa tumboni hutoa vitu vinavyopita mlango ule ule ambao levodopa hupitia, utumboni na tena kwenye ukuta wa ubongo. Mlango ni mwembamba, na umati ukiwa mkubwa levodopa hubaki nje.

Daktari alipoliona daftari hakuongeza hata kidonge kimoja. Alihamisha saa tu: saa 12 asubuhi kwa maji, saa 5, na saa 10 jioni, kila kimoja nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Samaki hakukatazwa (nani angekubali, hapa kwetu mtoni?), alihamishiwa chakula cha usiku. Mzee akarudi kwenda mwenyewe mpaka migombani. Usiku kugeuka kitandani bado ni taabu, na hilo saa peke yake haikulimaliza.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mgonjwa akianza kujinyonganyonga, mabega na kichwa vikicheza kama anayecheza ngoma asiyoitaka, na hali hiyo huja saa moja hivi baada ya kidonge, mara nyingi hiyo si dalili ya ugonjwa kuzidi. Dawa imepita kiasi. Ukimwongezea unamzidishia. Andika saa, umwonyeshe daktari.

Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo huikamata levodopa tumboni, kwa hiyo viachane kwa saa mbili au zaidi. Na mgonjwa akitapika, mkumbusheni mhudumu wa zahanati kwamba ana Parkinson kabla hajapewa metoklopramidi, maana inazuia dopamini na yaweza kumkaza mwili.

Wengine watauliza juu ya upupu, ule unaowasha. Ni kweli, mbegu zake zina levodopa halisi. Lakini mbegu moja si sawa na nyingine, na hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Kuchanganya na vidonge ni hatari zaidi.

Jambo la mwisho ni barabara. Dawa hii isikatizwe ghafla. Aliyeitumia miaka akiikosa siku kadhaa aweza kukaza mwili mzima, kupata homa kali, hata kufa. Mafuriko yakifunga barabara ya Garsen hatuwezi kusubiri gari. Mwenye mgonjwa nyumbani ahesabu vidonge kila mwisho wa wiki, na kabla ya mvua awe na vya mwezi mzima ndani, mbali na joto na unyevu. Kikundi chenye mfuko wa dharura kingeweza kumkopesha nauli wakati huo, kabla maji hayajapanda.